Namba ya Oda: Ifuatane au Iwe ya Nasibu?

Mteja wa duka la mtandaoni akipewa oda namba 48210 Jumatatu hii, na Jumatatu ijayo akapewa 48910, ameshajua kwamba duka hilo hupata oda 700 hivi kwa wiki. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanatakwimu wa upande wa Uingereza na Marekani walikadiria uzalishaji wa vifaru vya Ujerumani kwa njia hiyohiyo, yaani kwa kusoma namba za mfululizo kwenye vifaru vilivyotekwa.

Ubaya zaidi huja namba hiyo ikionekana kwenye anwani ya ukurasa. Mjanja atabadili 48210 iwe 48211, na programu isipokagua oda ni ya nani, atasoma jina, simu na makazi ya mtu mwingine. Ukaguzi huo ni wa lazima, namba iwe ya aina yoyote.

Kwa sababu hizo wengi hukimbilia UUID toleo la 4, yenye biti 122 za nasibu. Haikisiki, na seva mbili zinaweza kuitengeneza bila kuulizana. Gharama yake huonekana baadaye. Faharasa ya hifadhidata hupanga funguo kwa utaratibu katika kurasa, ambazo kwenye PostgreSQL kwa kawaida ni za kilobaiti 8. Namba zikifuatana, oda mpya huingia ukurasa wa mwisho, ambao tayari uko kwenye kumbukumbu. Zikiwa za nasibu, kila oda huangukia ukurasa wowote. Faharasa ikishazidi kumbukumbu, seva hulazimika kufuata kurasa kwenye diski, na uliojaa hugawanywa na kuacha nafasi tupu. Dalili yake ni kuingiza oda kuzidi kuwa kwa taratibu ilhali wateja ni walewale.

Toleo la 7, lililoidhinishwa mwaka 2024, huanza na saa ya kutengenezwa, hivyo hufuatana vizuri. Hata hivyo ni baiti 16, mara mbili ya bigint, na ufunguo hauandikwi mara moja: oda yenye bidhaa tano huurudia katika safu tano za bidhaa, kisha kwenye malipo.

Kwa duka lenye hifadhidata moja, mimi ningetumia zote mbili:

```sql
CREATE TABLE oda (
  id bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  namba_ya_nje uuid NOT NULL UNIQUE DEFAULT gen_random_uuid()
);
```

Majedwali yaunganishwe kwa `id`. Mteja aone `namba_ya_nje` tu. Unasibu unabaki katika faharasa moja, hausambai kwenye bidhaa na malipo. Usichague integer, maana huishia 2,147,483,647, na kuibadili jedwali likishajaa ni kazi nzito.

Mhasibu naye asipewe `id` kama namba ya ankara: oda ikishindikana katikati, namba yake hairudi, na pengo hubaki.