Homa Haiunguzi Ubongo

Usiku wa zamu katika wodi ya watoto, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Daktari, joto limefika 40. Ubongo wake hautaharibika?" Wapo wasiouliza. Wao wameshamvua mtoto nguo zote, wamemlowesha kwa maji baridi na kumrudishia dawa ya homa kabla saa hazijatimia, kwa sababu kila mtaa una mtoto wake anayejulikana: aliugua homa kali akiwa mdogo, na tangu hapo hasikii, au darasani haelewi, au anaanguka kifafa. Watoto hao wapo kweli, na mimi huwahudumia kliniki. Lakini ukifuatilia historia ya kila mmoja wao, karibu mara zote unakuta kilichomdhuru ni ugonjwa ulioleta homa, wala si joto lililosomeka kwenye kipimajoto.

Ndani kabisa ya ubongo ipo sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, nayo ndiyo inayopanga mwili uwe na joto kiasi gani. Siku ya kawaida hupanga kati ya 36.5 na 37.5. Vijidudu vikiingia, chembe za kinga hutoa kemikali zinazofika hapo kupitia damu, na haipothalamasi hupandisha kiwango, tuseme hadi 39.5. Ni kama pasi ya umeme iliyosogezwa kutoka namba ndogo kwenda kubwa: itapata moto mpaka ifike pale ilipowekwa, kisha itajizuia yenyewe. Ndiyo maana mtoto hutetemeka na kutaka blanketi joto linapopanda. Mwili wake unajiona una baridi, kwa kuwa bado haujafika unakotumwa. Ukifika, kutetemeka kunakoma. Ugonjwa ukilegea, kiwango kinashushwa na jasho linamtoka.

Jambo la kushika hapa ni kwamba homa ni joto linalosimamiwa. Ubongo huohuo tunaouhofia ndio ulioagiza joto hilo, na una njia za kulizuia lisipite kiasi. Kwa sababu hiyo homa ya maambukizi, hata ikiachwa bila dawa, ni nadra kuvuka 41. Joto linaloanza kuharibu chembe za mwili moja kwa moja, kwa kuvuruga protini na ngozi za chembe, ni la kuanzia 42 hivi. Pengo hilo kati ya 41 na 42 linaonekana dogo kwenye kipimajoto, lakini kwa mtoto aliyekuwa mzima kabla ya kuugua, homa hailivuki kirahisi.

Historia ya tiba ina ushahidi mmoja wa ajabu. Mwaka 1917 mjini Vienna, daktari Julius Wagner-Jauregg aliwaambukiza malaria kwa makusudi wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imewaingia ubongoni. Aliwaacha wapate homa kali tena na tena, kisha akawapa kwinini. Baadhi yao walirudiwa na akili, na mwaka 1927 alipewa Tuzo ya Nobel. Tiba hiyo iliua wengine kwa malaria yenyewe, na leo hakuna anayeitumia, kwa vile penisilini iliichukulia nafasi. Hata hivyo inatufikirisha: homa kali zinazorudiarudia zilitumika kutibu ubongo, nasi tunaogopa kwamba homa moja ya usiku mmoja itauunguza.

Lipo joto linaloharibu ubongo kweli, nalo halitoki kwa haipothalamasi. Mtu anapotembea juani kwa saa nyingi bila maji, au mtoto anapofungiwa ndani ya gari mchana, mwili unapokea joto kuliko unavyoweza kulitoa. Kiwango hakijapandishwa, ila mwili umeshindwa kukilinda. Hapo hakuna kizuizi, na joto hupanda mpaka mtu apozwe au afe. Hicho ndicho kiharusi cha joto. Mwezi Juni 2024, joto la Makka lilipofika karibu 52, serikali ya Saudia ilitangaza vifo vya mahujaji zaidi ya 1,300. Dalili yake ni mwili wenye joto la zaidi ya 40 pamoja na kuchanganyikiwa, kuropoka, kuyumba au kuzimia. Anayepona akiwa amechelewa kupozwa anaweza kubaki na mwendo wa kuyumba na maneno mazito, maana chembe za sehemu ya nyuma ya ubongo, inayosimamia mizani ya mwili, haziwezi kustahimili joto hilo. Kwa huyu panadoli haisaidii kitu, kwa kuwa kazi yake ni kuirudisha haipothalamasi kwenye kiwango chake, na hapa kiwango hakikuguswa. Kinachomwokoa ni maji: azamishwe au amwagiwe maji baridi mwili mzima palepale, apepewe, huku gari la kumpeleka hospitali likitafutwa. Kila dakika ina thamani yake.

Basi 40 ya mtoto mwenye mafua na 40 ya mtu aliyeanguka juani ni namba moja yenye habari mbili tofauti. Ya kwanza imefika ilikokuwa inakwenda. Ya pili bado iko safarini.

Turudi kwa wale watoto wanaojulikana kila mtaa. Katika nchi zetu, magonjwa mawili ndiyo yenye lawama kubwa. La kwanza ni malaria kali inayoingia ubongoni. Chembe nyekundu zenye vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo sana ya damu ya ubongo na kuiziba, sukari ya damu hushuka, ubongo huvimba, na mtoto hupoteza fahamu. Uchunguzi uliofanywa kwa miaka mingi Kilifi na Kampala umeonyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne wanaopona malaria ya ubongo hubaki na upungufu fulani wa akili, lugha au viungo. Mtoto huyo huenda alikuwa na 38.5 tu. La pili ni homa ya uti wa mgongo, ambapo bakteria hushambulia utando unaoufunika ubongo. Usaha na uvimbe wake hufika hadi sikio la ndani, na ndiyo sababu baadhi ya wanaosalimika hupoteza usikivu. Familia inakumbuka joto kwa sababu joto ndilo lililoshikika kwa mkono. Kilichokuwa kikitendeka ndani hakikuonekana.

Kinachochanganya zaidi ni degedege. Nichukue mfano wa aina tunayoipokea mara kwa mara: mvulana wa miezi 22, kilo 12, ameamka na mafua kidogo. Jioni macho yanamgeuka, mikono na miguu inakakamaa kisha inatikisika, midomo inakuwa myeusi, povu linamtoka. Dakika tatu zinapita na anatulia, analala fofofo. Baada ya nusu saa anaamka akimlilia mama yake. Kituoni joto lake ni 39.6, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, sukari ni nzuri, shingo inapinda bila shida, na sikio la kulia ndani ni jekundu. Ana maambukizi ya sikio, na degedege lake ni la homa tu.

Degedege la namna hii huwapata watoto wawili hadi watano katika kila mia, kati ya miezi 6 na miaka 5, kwa sababu ubongo wa umri huo ni mwepesi kushtuka joto linapobadilika. Mara nyingine huja kabla mzazi hajajua kwamba kuna homa. Linatisha kuliko jambo lolote ambalo mzazi atawahi kuliona, na ninaelewa kwa nini mtu hudhani mtoto anakufa. Hata hivyo halimwachii alama. Marekani, katika utafiti uliochapishwa miaka ya 1970, watafiti waliwafuatilia watoto 1,706 waliowahi kupata degedege la homa hadi walipofika miaka saba. Walipowapima akili pamoja na ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakuwahi kulipata, hawakuona tofauti. Karibu mtoto mmoja kati ya watatu hupata degedege tena katika homa nyingine, na kumpa dawa ya homa mapema hakulizuii.

Wakati linaendelea, mlaze mtoto kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, si kijiko wala maji wala dawa, na tazama saa. Likipita dakika tano, linahitaji dawa ya kulikatisha, kwani degedege linaloendelea nusu saa na zaidi linaweza kweli kuumiza ubongo. Likitikisa upande mmoja tu wa mwili, likirudi siku hiyohiyo, au mtoto asiporudiwa na fahamu zake kamili baadaye, usimhesabu kuwa na degedege la homa mpaka malaria na uti wa mgongo vipimwe. Kwetu, hata lililokwisha haraka lifuatwe na safari ya kituo cha afya usiku huohuo, si kesho baada ya kufukiza majani. Saa zinazopotea kwa mganga ndizo ambazo vimelea huzitumia.

Dawa ya homa basi ni ya nini? Ni ya kumpunguzia mtoto maumivu ili anywe, ale na alale. Yule mvulana wa kilo 12 anahitaji panadoli miligramu 15 kwa kila kilo, yaani 180. Kama chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 7.5, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Kumzidishia ili namba ishuke haraka kunaweza kuliumiza ini, na huo ni uharibifu wa kweli unaofanywa kwa kukimbia uharibifu wa kudhaniwa. Kumwagia maji baridi mtoto mwenye homa humtetemesha tu, na kutetemeka huzalisha joto jingine. Wala usitulizwe na namba iliyoshuka: hata mwenye malaria kali hushuka joto akimeza panadoli. Mtazame mtoto mwenyewe baada ya saa moja. Anayecheza akiwa na 39.5 hanitii hofu kama yule mwenye 38 anayelegea, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa kasi, au asiyeamka vizuri anapoguswa.

Mtoto wa chini ya miezi miwili ndiye pekee ambaye kwake namba peke yake inatosha kunifanya nisisubiri. Kinga yake ni changa, na maambukizi ya damu au ya uti wa mgongo yanaweza kuwamo bila dalili nyingine yoyote. Akipimwa kwapani akawa na 37.5 au zaidi, au akawa wa baridi, chini ya 35.5, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ananyonya.