Kuchunguza kurasa za washindani: ulizo lisilojibiwa lina faida kuliko foto ya kuiga

Wauzishaji wengi wa miji yetu wako na ukurasa wa Facebook sasa, na kila mmoja anaangalia ukurasa wa jirani. Lakini kuangalia ni jambo moja, kuhesabu ni lingine. Mwenye kuangalia tu anaona foto iliyopendwa na watu wengi, kisha anaiga. Mwenye kuhesabu anatafuta kile ambacho wanunuzi wanaomba na hakuna mtu anayewapa. Pale ndipo kuna nafasi.

Tuchukue mfano wa mama mwenye kuuzisha vikwembe katika Butembo. Hesabu tutakazotoa ni za mfano, lakini njia ni ileile kwa mwenye kuuzisha viatu Bunia ao samaki Uvira.

Kuchagua kurasa tano

Kurasa tano zinatosha. Tatu ziwe za watu wanaouzisha vikwembe katika muji uleule, maana hao ndio wanagombania mnunuzi mmoja na wewe. Ya ine iwe ya muuzishaji wa vikwembe wa muji mwingine, kama vile Kampala ao Kinshasa, ili kuona mambo yasiyofika kwetu bado. Ya tano iwe ya mtu anayehudumia wanunuzi walewale kwa kitu kingine, mfano mshonaji. Wanunuzi wanamuuliza mshonaji maulizo ambayo hawamuulize mwenye duka.

Usichague ukurasa juu ya wingi wa wafuasi tu. Ukurasa wenye wafuasi 20.000, lakini kila foto inapata alama 6 za kupenda na hakuna anayeuliza bei, hauna la kukufundisha. Pengine wafuasi wale walinunuliwa ao wamekwisha kuusahau.

Kuandika katika kayee

Kwa kila ukurasa, chukua matangazo 20 ya mwisho. Yote pamoja ni mistari 100. Acha yale ambayo hayajamaliza siku tatu, kwa sababu watu wangali wanayaona na hesabu yake haijatulia. Kwa kila tangazo andika siku na saa, kama ni foto, video ao maandiko, jambo linalosemwa, alama za kupenda, mara ngapi watu waliligawa, na zaidi ya yote: maulizo gani yaliulizwa chini, na kama yalijibiwa. Majina ya wanaouliza usiyaandike, hayana kazi hapa.

Wakati wa kulinganisha, angalisho moja. Tuseme matangazo matano yamepata alama 9, 12, 14, 17 na 210. Ukijumlisha na kugawanya kwa tano, unapata karibu 52, na utafikiri ukurasa ule una nguvu sana. Lakini hakuna tangazo hata moja lililopata karibu na 52. Panga hesabu toka ndogo mpaka kubwa, kisha chukua ile ya katikati: 14. Hiyo ndiyo hali ya kila siku ya ukurasa. Ile ya 210 ichunguze peke yake, pengine ilikuwa zawadi ao habari ya msiba.

Kuna pia fasi moja ya bure ambayo wengi hawaijue: facebook.com/ads/library. Ukiandika pale jina la ukurasa, utaona matangazo ya kulipia yanayopita sasa na tarehe yalipoanza. Kwa biashara ya kawaida haionyeshi feza zilizolipwa. Lakini kama mtu analipia tangazo moja majuma mengi, ni alama kwamba pengine linamletea wanunuzi.

Kayee inasema nini

Katika mfano wetu, mistari 100 inatoa hivi: 71 ni foto za vikwembe vilivyokunjwa, 18 ni salamu za sikukuu, 8 ni video, na 3 tu zinaandika bei. Karibu zote zinatoka kati ya saa tatu na saa sita ya asubuhi, siku za kazi. Siku ya yenga hakuna kitu.

Chini yake kuna maulizo 64. Watu 31 wanauliza bei. Watu 15 wanauliza: « Haichuji? » Watu 10 wanauliza duka iko wapi, na 8 kama mzigo unaweza kufika Beni ao Lubero. Maulizo 22 tu ndiyo yalijibiwa pale pale. Mengine yaliambiwa « njoo inbox », ao yalinyamaziwa.

Sasa mama yetu anaona nafasi tatu: bei, siku ya yenga, na rangi. Lakini si kila nafasi tupu ni nzuri. Mbele ya kuingia, jiulize juu ya nini wengine waliiacha.

*Bei.* Washindani hawaifichi bure. Wengi wao wanauzishia pia wachuuzi, na mchuuzi hatafurahi kama wanunuzi wake wanaona kwenye Facebook bei aliyonunulia. Kisha, ukiandika dola 15 leo, kesho jirani anaandika 14,50. Kama unauzisha kwa rejareja tu, unaweza kuandika bei na tarehe. Kama wachuuzi ndio wanakulisha, nafasi hiyo ni mtego.

*Siku ya yenga.* Hapa tunajua tu kwamba hakuna anayetangaza. Hatujue kama kuna anayesubiri. Ni nafasi ya kujaribu, maana haiombi feza, lakini usijenge kazi yako juu yake.

*Rangi.* Watu 15 wameuliza kama kikwembe kinachuja, na hakuna hata ukurasa mmoja uliojibu. Pengine wengine hawawezi kujibu, juu bidhaa zao zinachuja kweli. Ndiyo nafasi nzuri kuliko zote: wanunuzi wanaiomba, na mshindani hawezi kukuiga bila kubadilisha bidhaa yake. Mama anakata kipande, anakigawanya mara mbili, anafua kimoja kwa sabuni mara tatu na kukianika juani, kisha anaweka vyote viwili pamoja mbele ya telefone. Video iwe ya sekunde 30, maana mwenye kuiona naye anamaliza mega zake. Aiseme kwa Kiswahili, kwani maulizo yenyewe yaliandikwa kwa Kiswahili. Na kama kipande kikichuja, ajue kwamba tatizo lake si la Facebook: abadilishe bidhaa mbele ya kutangaza.

Kujaribu majuma ine

Badilisha kitu kimoja tu. Ukianza video, bei na siku ya yenga kwa mara moja, hutajua ni nini kilicholeta wanunuzi. Mama atie video moja ya kufua kila juma, siku ileile, kwa majuma ine, na mengine yabaki kama zamani.

Alama za kupenda zisimdanganye. Ahesabu watu wanaomwandikia kwenye WhatsApp kuuliza kununua, na kila anayefika dukani amuulize aliona wapi. Alinganishe na majuma ine yaliyotangulia. Asilinganishe juma la kabla ya Noeli na juma la Januari, kwa sababu pale sikukuu ndiyo inauzisha, si video. Kama hesabu haikupanda, aache na kurudi kwenye kayee.

Kisha miezi mitatu arudilie kuhesabu. Siku moja atakuta ukurasa mwingine nao unafua vipande mbele ya telefone. Siku hiyo nafasi ya rangi itakuwa imefungwa, na wale watu 8 wa Beni na Lubero pengine watakuwa wangali wanasubiri jibu.