Gharama Isiyotoa Fedha: Hiari za Hisa za Mameneja Katika Vitabu vya Kampuni

Kampuni inayouza hisa zake sokoni inaweza kumlipa meneja bila kutoa hata senti. Inampa hiari ya kununua hisa, yaani ruhusa ya kununua idadi fulani ya hisa siku za mbele kwa bei iliyopangwa leo. Bei ya soko ikipanda, atanunua kwa bei ya zamani na tofauti itakuwa yake. Ikishuka, ataiacha hiari ife na hatadaiwa chochote. Kwa kawaida kuna sharti: lazima abaki kazini kwa muda uliowekwa, mara nyingi miaka mitatu, ndipo hiari iwe yake kweli. Muda huo ndio kipindi cha kustahiki.

Kwa miaka mingi malipo haya hayakuonekana katika hesabu ya faida na hasara. Nchini Marekani, kanuni iliyotumika tangu 1972 ilipima tofauti kati ya bei ya soko ya siku ya kutoa hiari na bei aliyopangiwa meneja. Kampuni zilizifanya bei hizo mbili ziwe sawa, tofauti ikawa sifuri, na gharama nayo ikawa sifuri. Bodi ya viwango vya uhasibu ya nchi hiyo ilipotaka kubadili jambo hili, makampuni yalipinga vikali, na mwaka 1994 Baraza la Seneti lilipiga kura 88 kwa 9 kuikosoa. Mwaka uliofuata bodi ikalegeza msimamo, ikaridhika gharama itajwe tu katika maelezo ya hesabu. Ni baada ya kuanguka kwa Enron na WorldCom ndipo mambo yalipogeuka. Mwaka 2004 kilitolewa Kiwango cha Kimataifa cha Taarifa za Fedha Namba 2, na Marekani ikatoa kanuni inayofanana nacho Desemba mwaka huohuo. Kenya na Tanzania hufuata viwango vya kimataifa, kwa hiyo kampuni za huko zinazotoa hiari kwa wafanyakazi zinafungwa na kiwango hicho.

Hoja yake ni hii: meneja anatoa kazi, na kazi hiyo inatumika. Kitu kilichotumika ni gharama, hata kama kimelipiwa kwa hisa badala ya fedha. Ugumu uko katika maswali mawili: gharama ni kiasi gani, na iandikwe lini?

Tuchukue kampuni ya mfano yenye mameneja 20. Kila mmoja anapewa hiari 10,000 za kununua hisa kwa shilingi 50, ambayo ndiyo bei ya soko siku hiyo, kwa sharti la kubaki kazini miaka mitatu. Hiari hizo zina thamani ingawa bei zinalingana, kwa sababu mwenye nazo ananufaika bei ikipanda bila kuhatarisha chochote ikishuka. Thamani hiyo hukadiriwa kwa kanuni za kihesabu, na mashuhuri zaidi ni ile iliyochapishwa na Black na Scholes mwaka 1973. Hutazama bei ya sasa ya hisa, bei ya kununulia, muda uliobaki, riba, gawio linalotarajiwa, na hasa jinsi bei ya hisa inavyopanda na kushuka. Hisa inayoyumba sana huipa hiari thamani kubwa zaidi. Tuseme jibu ni shilingi 12 kwa kila hiari.

Thamani hiyo ya shilingi 12 imefungwa. Hata hisa ikifika shilingi 200 au ikaanguka hadi 5, haitapimwa upya, maana siku ya kutoa hiari ndiyo siku pande mbili zilipokubaliana kubadilishana kazi na hiari. Kinachobadilika ni idadi ya hiari zitakazostahikiwa, kwa sababu baadhi ya mameneja wataondoka kabla ya miaka mitatu.

Mwisho wa mwaka wa kwanza kampuni inakadiria kuwa mameneja 16 watafika mwisho. Gharama yote ni 16 mara 10,000 mara 12, yaani shilingi 1,920,000. Theluthi yake, 640,000, inaandikwa mwaka huo. Mwaka wa pili makadirio yanashuka hadi mameneja 15, na jumla inakuwa 1,800,000. Theluthi mbili za hapo ni 1,200,000. Ukitoa 640,000 zilizokwisha kuandikwa, gharama ya mwaka wa pili ni 560,000. Mwaka wa tatu hakuna tena kukadiria: wamebaki 14. Jumla ya kweli ni 1,680,000, hivyo mwaka huo unabeba 480,000. Aliyeondoka mapema hakutimiza kazi iliyokubaliwa, kwa hiyo hiari zake hazimo katika jumla hiyo.

Kila gharama inahitaji upande wa pili wa kitabu. Mshahara ambao haujalipwa huandikwa kama deni. Hapa hakuna deni, kwa sababu kampuni haitatoa fedha kamwe. Itatoa hisa zake yenyewe. Kwa hiyo debiti inakwenda kwenye gharama za wafanyakazi, na krediti inakwenda kwenye akiba maalumu ndani ya mtaji wa wanahisa. Faida inapungua kwa 640,000, akiba inaongezeka kwa 640,000, na jumla ya mtaji inabaki ileile. Mzigo unawaangukia wanahisa waliopo, ambao sehemu yao ya umiliki itapungua hisa mpya zikitolewa. Kama mameneja wangeahidiwa fedha taslimu zinazofuata bei ya hisa, hilo lingekuwa deni, na lingepimwa upya kila mwisho wa mwaka hadi lilipwe.

Wote 14 wakitumia hiari zao, kampuni itapokea shilingi 7,000,000. Kwa kawaida kiasi hicho, pamoja na zile 1,680,000 za akiba, huhamishiwa kwenye mtaji wa hisa na ziada yake. Lakini hisa ikiwa shilingi 30, hakuna atakayenunua kwa 50. Hiari zitakufa, na hapa ndipo wengi hukosea: gharama hairudishwi. Mameneja walifanya kazi miaka mitatu na kampuni ikanufaika nayo. Kinachoruhusiwa ni kuihamisha akiba hiyo kwenda kwenye faida iliyolimbikizwa, bila kupitia hesabu ya faida na hasara.

Wako wakurugenzi wanaojaribu kufuta hiari zilizopoteza mvuto ili gharama iliyobaki isiandikwe. Kiwango kimeziba njia hiyo. Hiari zikifutwa katikati ya kipindi, gharama ambayo ingeandikwa katika miaka iliyobaki inaandikwa yote mara moja.

Msomaji wa taarifa ya mwaka aanze na maelezo ya hesabu kuhusu malipo kwa hisa, aone hiari ngapi bado hazijatumika, kwa bei gani, na mtikisiko gani wa bei umetumika kukadiria thamani. Akiona makadirio ya mtikisiko yako chini sana kuliko bei ya hisa ilivyoyumba miaka iliyopita, gharama huenda imepunguzwa. Katika taarifa ya mtiririko wa fedha, gharama hii hurudishwa juu ya faida kwa kuwa haikutoa fedha, hivyo fedha za uendeshaji huonekana nono. Baadhi ya kampuni pia hutangaza faida "iliyorekebishwa" isiyo na gharama hii. Mwanahisa asiikubali faida hiyo kabla ya kujiuliza mameneja wangedai mshahara kiasi gani kama wasingepewa hiari.