Bungua Aliyelala Ndani ya Bua: Kwa Nini Kazi ya Januari Huokoa Mahindi ya Mei

Mahindi yakishavunwa Trans Nzoia na maeneo jirani ya Bonde la Ufa, mashamba huonekana kama yamepumzika. Mabua yamekauka, jua ni kali, na hakuna mdudu anayeonekana akila chochote. Hata hivyo, ukichukua panga ukapasua mabua kadhaa, huenda ukamkuta kiwavi mnene mwenye rangi ya maziwa iliyochanganyika na waridi au kijivu, kichwa chake kikiwa cha hudhurungi. Hali na wala hatembei. Ukimgusa, hujisogeza polepole tu.

Huyo ni bungua wa mahindi, kiwavi anayetoboa mashina, ambaye wataalamu humwita Busseola fusca. Hajafa, wala hajanaswa humo kwa bahati mbaya. Amelala kwa makusudi akisubiri mvua, na vizazi vyake ndivyo vitakavyoshambulia mahindi ya msimu ujao. Makala haya yanaeleza usingizi huo, kinachomwamsha, na kwa nini miezi ya kiangazi ndiyo wakati rahisi zaidi wa kumpunguza.

Usingizi huu ni wa aina gani?

Kwa kawaida, nondo wa bungua hutaga mayai kwa siri, mahali jani linapolikumbatia bua. Mayai huanguliwa baada ya siku saba hadi kumi hivi. Viwavi wachanga hupanda hadi kwenye moyo wa mmea na kula majani machanga, ndiyo maana majani yakikunjuka huonekana yana vitobo vidogo vilivyojipanga kwa mstari. Baadaye huingia ndani ya bua, hukua kwa muda wa wiki nne hadi sita, hugeuka kuwa pupa, kisha hutoka wakiwa nondo.

Msimu unapoelekea kwisha, mzunguko huo hukatika. Kiwavi aliyekomaa hageuki kuwa pupa, bali hubaki kiwavi. Huacha kula, mwili wake hutumia nguvu kidogo sana, naye huishi kwa mafuta aliyojiwekea. Anaweza kukaa hivyo kwa miezi sita au zaidi. Hali hii kitaalamu huitwa diapozi.

Diapozi si sawa na kuzubaa kwa sababu ya baridi au njaa. Mdudu aliyezubaa kwa baridi huamka mara tu joto linaporudi. Aliye kwenye diapozi mwili wake umejipanga upya kwa ndani, na homoni zinazosimamia mabadiliko ya kukua zimebadilika. Ndiyo sababu manyunyu ya siku moja mwezi wa Desemba mara nyingi hayatoshi kumtoa.

Anajuaje kwamba kiangazi kinakuja?

Katika nchi za baridi, wadudu wengi husoma urefu wa mchana. Jijini London, mchana wa Juni huzidi saa 16 na nusu, na ule wa Desemba huwa chini ya saa 8. Kuna bungua wa mahindi wa Ulaya ambaye huiona tofauti hiyo. Siku zinapoanza kuwa fupi mwishoni mwa kiangazi cha huko, viwavi wake hujiandaa kulala ndani ya mabua, wiki nyingi kabla ya baridi kufika. Kwao, urefu wa mchana ni kalenda isiyokosea.

Huku kwetu kalenda hiyo haisomeki kwa urahisi. Kitale iko karibu sana na ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote mwakani ni kama dakika saba tu. Bungua wetu husikiliza zaidi chakula chake. Mhindi unapokomaa na kuanza kukauka, maji hupungua ndani ya bua na virutubisho hubadilika. Kiwavi anayekula bua la namna hiyo hupata ujumbe kwamba mimea mibichi inakaribia kwisha, naye huanza kujiandaa kulala.

Kuamka nako kunafuata maji. Uchunguzi wa bungua huyu umeonyesha kwamba kugusana na maji ni kichocheo kikubwa cha kumtoa usingizini. Mvua ndefu zinapoanza, mabua hulowa, kiwavi hupata maji, kisha hugeuka kuwa pupa. Nondo hutoka wiki chache baadaye. Kufikia wakati huo mahindi yaliyopandwa na mvua ya kwanza yameshaota na yana majani laini, yaani chakula hasa ambacho watoto wake wanahitaji. Mvua inayomwita mkulima shambani ndiyo inayomwamsha bungua pia.

Hesabu ya ekari moja

Tuchukue mfano wa shamba la ekari moja lililopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25. Shamba hilo huwa na mimea kama 21,000. Baada ya mavuno, mkulima anachagua sehemu tano tofauti za shamba, anang'oa mabua kumi kila sehemu, na kuyapasua yote 50 kutoka juu hadi kwenye mizizi. Tuseme anapata viwavi hai wanane.

Wanane katika mabua 50 ni sawa na 16 kwa kila mia, kwa hiyo ekari nzima ina viwavi kama 3,400. Tuseme nusu yao wanakufa kabla ya mvua kwa kuliwa na ndege, kushambuliwa na mchwa au kukauka. Wanabaki 1,700, na nusu yao, yaani 850, watakuwa majike. Jike mmoja hutaga yapata mayai 200. Jumla ni mayai 170,000, au manane kwa kila mmea utakaoota shambani humo. Wengi wa viwavi watakaoanguliwa hufa wakiwa wachanga, lakini kiwavi mmoja tu akifika kwenye moyo wa mmea mchanga anaweza kuukausha kabisa.

Hesabu hii ni ya mfano. Idadi ya shamba lako utaijua kwa kupasua mabua yako mwenyewe. Pasua hadi chini, kwa sababu viwavi wengi waliolala hukaa sehemu ya chini ya bua, wengine hata chini kidogo ya usawa wa udongo. Ukipasua sehemu ya juu pekee utadhani shamba ni safi.

Namna ya kumfikia akiwa amelala

Bungua akiwa ndani ya bua bichi, dawa ya kunyunyiza haimfikii. Akiwa amelala kwenye bua kavu, hawezi kukimbia wala kuhama. Anachotegemea ni kivuli na unyevu kidogo uliobaki ndani ya bua.

Njia rahisi ni kuyakata mabua mara baada ya kuvuna na kuyalaza chini, yakiwa yametandazwa mahali penye jua kali, kwa wiki nne. Majaribio yaliyofanywa Ethiopia yalionyesha kwamba joto na ukavu wa namna hii huua karibu viwavi wote. Kinachoharibu kazi ni kuyasimamisha mabua kwa mafungu au kuyarundika chini ya mti. Yaliyo katikati ya rundo hayapati jua, na viwavi hukaa humo salama hadi mvua.

Wafugaji wengi huyahifadhi mabua kwa ajili ya ng'ombe, na hakuna haja ya kuacha. Yatandaze juani kwanza kwa wiki hizo nne ndipo uyaweke ghalani, au yapitishe kwenye mashine ya kukatakata. Unayetaka mabua ya ua au paa unaweza kuyababua kwa moto kiasi mara baada ya mavuno. Nchini Nigeria, kubabua mabua ya mtama kwa njia hiyo kuliua viwavi 95 kati ya kila 100, na mabua yakabaki yanafaa kwa ujenzi. Kuchoma shamba lote hatukushauri, kwa sababu unapoteza mboji na kuuacha udongo wazi kwa mmomonyoko.

Usisahau visiki. Mabua yakiondolewa na visiki vikabaki ardhini, viwavi walio chini hawajaguswa. Ving'oe au ulime mapema wakati wa kiangazi ili vipinduliwe juu na kuachwa juani. Kazi yote iishe kabla ya mvua za Machi. Mabua yakishalowa, bungua wameanza kuamka.

Mipaka ya njia hii

Kwanza, nondo huruka. Ukisafisha shamba lako huku la jirani limejaa mabua yaliyosimama, utapunguza shambulio lakini hutalizuia. Kazi hii huleta faida zaidi ikifanywa na kijiji kizima katika mwezi mmoja.

Pili, palipo na mahindi ya kunyunyizia maji mwaka mzima, kama kando ya mito, baadhi ya bungua hawana sababu ya kulala. Huko kagua mimea mibichi pia.

Tatu, na hili huwachanganya wengi, njia hii haimzuii kiwavijeshi vamizi aliyeingia Kenya mwaka 2017. Yeye hana diapozi kabisa. Huko Marekani hufa kila majira ya baridi katika majimbo ya kaskazini, akabaki maeneo yenye joto kama kusini mwa Florida na Texas, kisha nondo wake huruka tena kuelekea kaskazini kila mwaka. Hapa kwetu huvuka kiangazi kwa kuzaana kwenye mimea mibichi, si kwa kulala ndani ya mabua. Unaweza kumtambua kwa alama inayofanana na herufi Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne meusi yaliyopangika kama mraba karibu na mkia. Bungua hana alama hizo.

Mahindi yakishaota

Hata baada ya kusafisha shamba, bungua wachache watabaki, na hawaamki wote siku moja. Panda mapema pamoja na majirani, kwa kuwa mahindi yaliyochelewa hupokea kizazi cha pili cha nondo ambacho huwa kikubwa zaidi. Kuanzia wiki ya tatu baada ya mahindi kuota, pita shambani kila wiki ukiangalia vitobo kwenye majani ya moyo. Wakati huo viwavi bado wako juu, na dawa iliyoidhinishwa ikiwekwa kwenye moyo wa mmea inaweza kuwafikia. Wakishaingia ndani ya bua, nafasi hiyo imepita, na atakayewafikia tena ni jua la kiangazi kijacho.

Ukipata viwavi usiowatambua, wakate na kipande cha bua walimo, uwatie kwenye chupa yenye mfuniko, na uwapeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya kununua dawa yoyote.