Miwani haidhoofishi macho, namba hupanda kwa umri

KIGALI. Mfanyabiashara aliyezoea njia ya Gatuna au Rusumo huiona dalili hii kabla hajajua jina lake. Anashika cheti cha uasili wa bidhaa kwa mkono ulionyooshwa, anakisogeza mbali kidogo tena, kisha anamwomba kijana aliye nyuma yake kwenye foleni amsomee. Ukimshauri anunue miwani, jibu ni lilelile upande huu wa mpaka na ule: ukishaanza kuvaa macho yanazoea, yanalegea, na kila baada ya miaka michache utaongezewa namba.

Namba kweli huongezeka, na ndiyo maana imani hii haifi. Kosa liko kwenye anayelaumiwa.

Ndani ya jicho kuna lenzi ambayo ujanani ni laini. Tunapotazama kitu cha karibu, misuli midogo huiacha ivimbe, na maandishi yanakuwa wazi. Lenzi hiyo hukakamaa mwaka hadi mwaka. Kwa watu wengi, karibu na umri wa miaka 40, haiwezi tena kuvimba vya kutosha, na ukakamavu huo huendelea kuongezeka hadi miaka ya 60. Miwani hukaa nje ya jicho, na haiharakishi wala haicheleweshi lolote kati ya hayo.

Chukua mfano wa wauza vitenge wawili wenye miaka 45 na macho yanayofanana. Mmoja ananunua miwani ya kusomea ya +1.50. Mwingine anakataa. Wakifika miaka 52, wote wawili watahitaji karibu +2.00. Wa kwanza atalijua hilo, maana miwani yake imeanza kumshinda, na atailaumu. Wa pili hana cha kulinganisha nacho, hivyo atajisifu kwamba macho yake ni yaleyale, ingawa kwa miaka saba amekuwa akisomewa risiti na ujumbe wa pesa za simu na watu wengine. Tena, aliyezoea kuona vizuri akivua miwani huona ukungu kuliko alivyouona zamani. Si kwamba umezidi kiasi hicho. Ni kwamba sasa anajua maandishi safi yalivyo.

Yupo pia mzee anayetajwa kama ushahidi, yule aliyetupa miwani na akaanza kusoma tena bila msaada. Hilo hutokea kweli, na si habari njema. Mtoto wa jicho akianza katikati ya lenzi humfanya mtu aone karibu vizuri kwa muda, huku mbali kukififia na taa za malori usiku zikimchoma macho. Huyo anahitaji hospitali.

Kwa watoto wasioona mbali, imani hii ilijaribiwa waziwazi. Mwaka 2002 watafiti nchini Malaysia walichapisha matokeo ya watoto 94, baadhi wakiwa wamepewa miwani yenye nguvu pungufu kwa makusudi. Waliopunguziwa hawakupona; macho yao yaliharibika haraka zaidi kuliko ya wenzao waliovaa namba kamili. Na mtoto anayesogelea televisheni mara nyingi hufanya hivyo kwa sababu tayari haoni mbali. Skrini ya simu humchosha mtu mzima kwa kuwa huisahau kope yake, jicho likakauka, lakini uchovu huo huisha akipumzika. Kwa mtoto, tahadhari iliyopo ni saa nyingi za kutazama karibu na saa chache za kucheza nje.

Rwanda ina nafasi ambayo wengi wa wasafiri wa Nyabugogo hawaitumii. Kuanzia mwaka 2012, Wizara ya Afya na shirika la Vision for a Nation walifundisha wauguzi zaidi ya 2,000 kupima macho, na huduma ikafika vituo vya afya vya nchi nzima, miwani ya kusomea ikiuzwa kwa takriban dola moja na nusu.

Anayenunua sokoni ajipime hivi: ashike karatasi yenye maandishi madogo umbali wa sentimita 40, ajaribu miwani kuanzia namba ndogo, na achukue ya kwanza inayomwezesha kusoma bila kukunja uso. Ikimlazimu kuileta karatasi karibu na pua, namba imezidi. Miwani yenye namba isiyofaa itamuumiza kichwa, haitaharibu jicho. Avue anapotembea, maana ngazi zitaonekana na ukungu.

Lakini ikiwa jicho moja tu ndilo linalofifia, au uoni umepotea ghafla, au kuna maumivu na duara za rangi kuzunguka taa, asinunue kitu. Apimwe siku hiyohiyo. Presha ya macho ya aina iliyo ya kawaida haiumi hata kidogo, nayo hula uoni wa pembeni kwanza, mahali ambapo hakuna miwani ya sokoni inayoweza kumwonyesha mtu kwamba ameanza kupoteza.