Jiwe la Kati Halibebi Daraja

Katikati ya Roma, Mto Tiberi unagawanyika na kukizunguka kisiwa kidogo. Upande mmja wa kisiwa hicho kuna Daraja la Fabricius, lililojengwa mwaka 62 KK na Lucius Fabricius, msimamizi wa barabara wa wakati huo. Jina lake limechongwa kwenye mawe na bado linasomeka. Mbele kidogo ya kisiwa, mto unapita chini ya mabaki ya daraja jingine, Daraja la Aemilius, ambalo Waroma wa leo huliita Daraja Lililovunjika. Limebaki tao moja tu, peke yake katikati ya maji. Yote mawili ni ya mawe, na yote yalijengwa kwa ufundi uleule wa matao. Kwa nini moja linapitika hadi leo na jingine likaanguka?

Tuanze na jiwe lenyewe. Jiwe huvumilia sana kubanwa, lakini likivutwa hukatika upesi. Ukilaza bamba refu la jiwe juu ya nguzo mbili, uzito hulipinda kidogo, hata kama jicho halioni. Upande wa juu unabanwa na upande wa chini unavutwa, na ufa huanzia huko chini. Ndiyo maana mahekalu ya kale ya Misri na Uyunani yana nguzo nyingi zilizosongamana: bamba la jiwe haliwezi kuvuka nafasi kubwa. Kila moja ya matao mawili makubwa ya Fabricius linavuka mita 24 na ushee. Bamba la jiwe la urefu huo lingevunjika kwa uzito wake lenyewe.

Tao linaiondoa hali ya kuvutwa. Mawe yake huchongwa kwa umbo la kabari, mapana juu na membamba chini, kisha hupangwa kwa mviringo. Kila jiwe linataka kuanguka, lakini haliwezi kupita kati ya majirani zake bila kuwasukuma. Basi uzito unapokezanwa kutoka jiwe hadi jiwe, ukishuka kwa kupinda mpaka kwenye nguzo. Njia nzima ya uzito ni njia ya kubanana, na hapo jiwe liko katika hali inayolifaa zaidi.

Jiwe la juu kabisa, la katikati, ndilo hutiwa mwisho. Wajenzi hutangulia kuweka jukwaa la mbao lenye umbo la tao, kisha hupanga mawe kutoka pande zote mbili kwa pamoja ili upande mmoja usielemee. Mpaka hapo tao halipo. Kuna nusu mbili zinazolala juu ya mbao. Jiwe la kati likishaingia, nusu hizo zinapata cha kuegemea, na jukwaa linaweza kushushwa polepole. Tao hutitia kidogo, viungo vinajibana, na kazi imefungwa.

Kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba jiwe la kati ndilo linalobeba mzigo wote. Hesabu inaonyesha kinyume chake. Chukua tao la nusu duara lenye uzito wa tani 400, uliotawanyika sawasawa kutoka upande hadi upande. Kila mguu wa tao utapokea tani 200 za kushuka chini, pamoja na tani 100 za kusukuma nje. Nguvu hizo mbili zikijumlishwa kwa mwelekeo wake, mawe ya miguuni yanabanwa kwa zaidi ya tani 220. Jiwe la kati linabanwa kwa zile tani 100 peke yake. Kwa hiyo ndilo lenye kazi nyepesi kuliko yote katika tao. Heshima yake inatokana na kuwa la mwisho. Kwa nguvu halizidi mengine.

Zile tani 100 za kusukuma nje ndizo kiini cha jambo zima. Watu wawili wakisimama wakitazamana na kuegemeana viganja, watakaa hivyo muda mrefu maadamu miguu yao haitelezi. Tao nalo halichoki kusukuma nje, mchana na usiku, kwa karne nyingi. Na kadiri linavyolala ndivyo linavyosukuma zaidi. Tao letu la tani 400 likiinuka robo tu ya upana wake badala ya nusu, msukumo wa nje unakuwa tani 200. Likiinuka moja ya nane, unafika tani 400. Waroma walipenda matao yanayokaribia nusu duara, na haya ya Fabricius yamepungua kidogo tu. Kwa chaguo hilo walipunguza kazi ya nguzo.

Hata hivyo waliifanya nguzo kuwa nene sana. Nguzo nene inaweza kustahimili msukumo wa tao moja hata kama la jirani halijajengwa, au limeanguka. Tao lililobaki la Aemilius ni ushahidi. Lina ukarabati wa karne ya 16, majirani zake hawapo tena, na bado limesimama kwa sababu nguzo zake zinatosha kulishikilia.

Lakini unene huo una gharama. Nguzo nene huziba mto. Maji ya mafuriko yakibanwa katika nafasi ndogo huongeza kasi, na maji yenye kasi huchimba mchanga chini ya msingi. Msingi ukishuka au kuinama, mguu wa tao unateleza, na mawe hayana tena cha kuegemea. Daraja la Aemilius, ambalo matao yake ya mawe yalikamilika mwaka 142 KK, liliharibiwa na mafuriko zaidi ya mara moja, likajengwa upya, mpaka mafuriko ya 1598 yalipolikata na likaachwa hivyo. Mawe hayakusagika. Adui alikuwa maji.

Fabricius aliiacha nguzo yake ya kati na tundu: tao dogo la upana wa mita 6 hivi, juu ya maji ya kawaida. Mto ukifurika, maji hupita humo badala ya kulisukuma daraja zima. Naona huo ndio uamuzi wa busara kuliko wote katika daraja lile. Maandishi mengine juu yake yanasema kwamba mwaka 21 KK makonsuli wawili walilithibitisha, miaka miwili baada ya mafuriko makubwa mjini.

Tao la mawe pia hutoa onyo kabla ya kuanguka. Miguu ikisogea nje kidogo, kiungo kilicho chini ya jiwe la kati hufunguka, na vingine hufunguka upande wa juu karibu na miguu. Sehemu hizo hugeuka kama bawaba. Tao lenye bawaba tatu bado linasimama, na madaraja mengi ya kale yako hivyo. Bawaba ya nne ndiyo huliangusha. Kwa hiyo ufa mmoja si sababu ya kubomoa, lakini ufa unaozidi kupanuka mwaka hadi mwaka unamaanisha kwamba msingi unasogea.

Ndiyo maana mkaguzi mzuri wa daraja la matao haanzi kwa kutazama jiwe la kati. Anaanza chini ya maji, kwenye msingi wa nguzo, na anafanya hivyo kila baada ya mafuriko.