Namba Nyekundu Imepotelea Wapi?

Karani wa ofisi moja ya uwakala wa forodha pale Kurasini, Dar es Salaam, sehemu kubwa ya kazi zake inapitia Telegram. Madereva wanamtumia picha za nyaraka, wateja wanauliza mizigo yao imefika wapi, na kundi la ofisi halinyamazi. Kompyuta mpakato yake inatumia Windows 11. Chini ya skrini, kwenye mwambaa wa kazi, ikoni ya Telegram ilikuwa ikibeba duara dogo jekundu lenye idadi ya jumbe zisizosomwa. Siku moja duara likatoweka. Jumbe ziliendelea kuingia, na kile kidirisha cha arifa kiliendelea kuchomoza pembeni mwa skrini kwa sekunde chache na kuondoka. Namba tu ndiyo iliyoota mbawa. Mteja aliyeandika saa tatu asubuhi akajibiwa saa nane mchana.

Alipomwita fundi, fundi alifanya kile ambacho karibu kila mtu angefanya: akaenda kwenye mipangilio ya arifa, akaizima ruhusa ya Telegram, akaiwasha tena. Hakuna kilichobadilika.

“Fundi, si arifa zinakuja? Mimi shida yangu ni namba,” karani akamwambia.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana arifa inayochomoza na namba iliyokaa juu ya ikoni ni vitu viwili tofauti. Namba hiyo, ambayo wengi huiita beji, ina njia yake ya kufika kwenye mwambaa wa kazi, na kwenye Windows njia hizo ni mbili. Ya kwanza ilikuja na Windows 7 mwaka 2009: programu yenyewe huchora picha ndogo na kuiomba Windows iibandike kwenye kona ya ikoni yake. Hivi ndivyo Telegram ya kompyuta inavyofanya. Njia ya pili hutumiwa na programu nyingi za duka la Microsoft. Programu haichori chochote, bali hupeleka idadi kwenye mfumo wa arifa wa Windows, na Windows ndiyo inayoiandika. Ikizidi 99, Windows huandika 99+ na kuishia hapo.

Tofauti hiyo inaeleza kwa nini fundi wetu alitoka patupu. Telegram inapojichorea namba yake haiombi ruhusa ya arifa. Unaweza kuzima arifa zake zote katika Windows, vidirisha vikakoma kuchomoza, na namba ikabaki pale pale. Na kinyume chake, kama ilivyomtokea karani, arifa zinaweza kuwa nzima kabisa huku namba haionekani.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni namba imekwamia wapi, na mahali pa kuanzia kutafuta ni ikoni yenyewe. Iangalie kwa makini. Katika Windows 11, programu ambayo dirisha lake liko wazi au limeshushwa chini huwa na kistari kifupi chini ya ikoni yake. Ikoni ya Telegram ya karani haikuwa na kistari. Ilikuwa imebandikwa tu kwenye mwambaa kama njia ya mkato, bila dirisha lolote nyuma yake. Na picha ile ndogo ya njia ya kwanza hubandikwa kwenye kitufe cha dirisha. Pasipo na dirisha, hakuna pa kuibandika.

Lakini kama dirisha halipo, jumbe zinaingiaje? Karani alikuwa na mazoea ya kufunga Telegram kwa alama ya X kila alipomaliza kusoma. Kwa programu ya aina hii, X haimaanishi kuzima. Telegram hubaki ikifanya kazi kichinichini, na ikoni yake ndogo huhamia upande wa kulia, karibu na saa. Namba yake ilikuwa huko muda wote. Bahati mbaya Windows 11 hupenda kuzificha ikoni hizo ndogo ndani ya kimshale kinachotazama juu, na karani hakuwa na sababu ya kukibofya. Walipokibofya, duara lilikuwemo.

Tiba ina sura mbili, na kila mtu achague inayomfaa. Ukitaka namba ibaki kwenye ikoni kubwa, usifunge dirisha kwa X. Lishushe kwa alama ya kistari, au ingia kwenye mipangilio ya Telegram, sehemu ya “Advanced”, uchague dirisha linapofungwa libaki kwenye mwambaa wa kazi. Humo humo hakikisha “Show taskbar icon” imewekewa alama. Ukipendelea namba ikae karibu na saa, fungua mipangilio ya mwambaa wa kazi, tafuta “Other system tray icons”, kisha washa Telegram ili isifichwe tena.

Karani alichagua ya kwanza, duara likarudi, ila lilirudi la kijivu. Kijivu nacho kina habari yake: jumbe zinazohesabiwa wakati huo zinatoka kwenye mazungumzo yaliyonyamazishwa tu. Kundi la ofisi alikuwa amelinyamazisha zamani, na hakuna anayeweza kumlaumu. Telegram ina sehemu iitwayo “Badge counter” katika mipangilio yake ya arifa. Hapo “Include muted chats in unread count” huamua kama mazungumzo yaliyonyamazishwa yahesabiwe, na “Count unread messages” huamua kama kinachohesabiwa ni jumbe au ni mazungumzo. Hii ya pili huwachanganya watu sana. Ikiwa imezimwa, wateja watatu walioandika jumbe arobaini watakupa namba 3. Na kama umezima kuhesabu walionyamazishwa, halafu ukawa umemnyamazisha karibu kila mtu, duara halitatokea hata siku moja, na hapo Windows haina kosa lolote.

Mambo yakatulia hadi siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, namba ilipopotea tena. Safari hii kistari kilikuwepo chini ya ikoni, na jambo la kuzingatia ni kwamba hata vidirisha vya arifa viliacha kuchomoza. Vitu viwili vinapopotea kwa pamoja, Telegram huwa haihusiki. Mkosaji yuko juu yake, ndani ya Windows. Kijana mmoja wa ofisi alikuwa ameitumia kompyuta ile kuandaa ripoti na akawasha kipindi cha “Focus”, ambacho Windows 11 inacho kwa ajili ya mtu anayetaka kufanya kazi bila kusumbuliwa kwa muda fulani. Kipindi hicho kikianza, kinaweza kufanya mambo kadhaa kwa mkupuo, na mojawapo limeandikwa wazi: “Hide badges on taskbar apps”. Jingine ni kuwasha “Do not disturb”, inayozuia vidirisha. Dakika zikiisha, namba hurudi zenyewe, na mtu hubaki akidhani kompyuta ina mashetani. Kama namba yako ina tabia ya kupotea na kurudi bila wewe kugusa kitu, nenda “Settings”, “System”, “Focus”, uondoe alama kwenye sentensi hiyo.

Ipo pia swichi kuu ambayo nayo haiulizi programu gani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika:

```
ms-settings:taskbar
```

Ukurasa utakaofunguka una sehemu ya “Taskbar behaviors”, na ndani yake mna “Show badges on taskbar apps”. Ikizimwa, hakuna programu itakayoonyesha namba kwenye mwambaa, iwe imepita njia ya kwanza au ya pili. Wenye Windows 10 wataikuta kwa jina linalokaribiana, “Show badges on taskbar buttons”, na wao wana mtego wa ziada: mtu akichagua vitufe vidogo vya mwambaa ili kupata nafasi kwenye skrini, namba haziwezi kuonekana, na swichi yenyewe hufifia isibofyeke. Kwenye kompyuta ndogo za zamani, hiki ndicho ninachokikagua kwanza.

Ruhusa ya arifa sasa inaingia wapi? Kwa programu za njia ya pili, ambazo namba zake hupita kwenye mfumo wa arifa wa Windows, anza kukagua huko: andika `ms-settings:notifications` kwa namna ile ile, uangalie kama programu imewashwa. Kwa kawaida programu haijitokezi kwenye orodha hiyo mpaka iwe imetuma arifa angalau moja, basi usishtuke ukiikosa mara tu baada ya kuisimika.

Kwenye kompyuta za Mac na simu za iPhone, ruhusa ndiyo mlango wenyewe. Apple huitaka programu iombe idhini ya vitu kimoja kimoja: kuonyesha tangazo, kutoa sauti, na kuweka namba juu ya ikoni. Ukijibu hapana siku ya kwanza, programu haiwezi kukuuliza tena. Ni lazima wewe mwenyewe uende “System Settings” kwenye Mac au “Settings” kwenye iPhone, kisha “Notifications”, uichague programu na uwashe mstari wenye neno “Badge”. Huo uko peke yake. Tangazo na sauti vinaweza kuwa vimewashwa huku huo umezimwa, na ndipo mtu anaapa kwamba arifa zake ni nzima.

Hata ruhusa ikiwepo, programu inaweza kuwa na hesabu yake. Mail ya Mac ndiyo mfano mzuri. Katika mipangilio yake ya jumla kuna “Dock unread count”, na chaguo mojawapo ni kuhesabu kikasha cha barua zinazoingia pekee. Aliyejiwekea kanuni ya kuhamishia barua za kazi kwenye folda nyingine zinapofika tu, hataziona zikihesabiwa, hata zikiwa mia. Ruhusa atazikagua mpaka achoke.

Tovuti zilizosimikwa kama programu kutoka kwenye kivinjari zina mambo yake. Chrome ilizipa uwezo wa kuweka namba kwenye Windows na Mac kuanzia toleo la 81, mwaka 2020, na iPhone ikafuata kwa iOS 16.4 mwaka 2023, kwa sharti kwamba tovuti iongezwe kwenye skrini ya mwanzo na ipewe ruhusa ya arifa. Hata hivyo mwenye tovuti lazima awe ameandika amri ya kutuma namba. Kama hakuiandika, hakuna swichi kwako itakayoileta, na ukiwa umefungua tovuti ndani ya kichupo cha kawaida cha kivinjari, ikoni ya kivinjari haitakuhesabia.

Karani wa Kurasini sasa ana namba yake, nyekundu, kwenye ikoni yenye kistari. Ruhusa za arifa alizokuwa akizihangaikia amezizima kabisa, kwa sababu vidirisha vilikuwa vikimkatiza akiwa katikati ya kujaza fomu. Kwa mtu wa ofisi, nadhani huo ndio mpangilio bora: acha namba, zima kelele.